Siku Niliyojicheka Kwenye Arobaini ya Binti Yangu

Majina yao wote ninayo, hata la dereva wa lori ambaye sikuwahi kumwona. Hapa nayaacha, maana wengine bado wanaishi na wanapita barabarani kama mimi.

Binti yangu alifia njia ya Madaba, akiwa amepakiwa kwenye pikipiki. Kwenye kona lori liliwahamia upande wao. Yeye hakuamka. Aliyembeba, jirani yetu wa bodaboda, alitupwa kwenye majani akavunjika mkono. Trafiki walisema kosa ni la lori, lakini watu hawakuuliza kosa, waliuliza kwa nini huyu amebaki. Hata mimi niliuliza. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, nilikuwa nanyanyuka kumfungulia marehemu mlango. Nikishafika mlangoni ndipo nakumbuka.

Siku ya arobaini, baada ya misa, watu walikaa uani chini ya turubai. Jirani alikuja na mama yake, mkono bado una plasta, wakakaa mwisho kabisa. Nilishajua wanangu wa kiume wamepanga nini, maana niliwasikia nyuma ya jiko: akiondoka atafuatwa njiani. Na ulanzi, pombe ya mianzi, walikuwa wameshaunywa.

Msemaji wa ukoo alikuwa shemeji yangu. Aliona watu wamezidi kulemewa, akataka kuwachangamsha. Akawageukia waendesha bodaboda waliokuja kuzika na sasa wamekuja kumaliza msiba.

"Ninyi mnaendesha kama mnafukuzwa na nyuki. Mkifika mbinguni mtamkuta Petro bado anatafuta viatu."

Walicheka wachache, tena wasio na pikipiki. Wenye pikipiki waliinamisha vichwa. Mama wa jirani akavuta kanga hadi machoni. Wanangu hawakucheka wala hawakuinama, walimtazama yule jirani. Shemeji hakukusudia, lakini aliwaonyesha pa kupiga.

Nikaomba niseme.

Shule niliishia chini, ila kwenye kicheni pati za Songea nimewafunda maharusi wengi. Huko nilijifunza kwamba mzaha huanzi nao. Unaweka kwanza lile zito, mpaka watu washike pumzi. Hapo ndipo unajicheka wewe mwenyewe, mara moja, halafu unanyamaza. Wala usijicheke kwenye kile wanachokuaminia. Bibi harusi simwambii kuwa ndoa sizijui, namsimulia ugali wangu wa kwanza ukweni, uliomwagika kama uji. Ila msibani sikuwahi kujaribu, na marehemu wa kwangu sikuwahi kumzungumzia.

Nilianza naye. Nilisema nilivyomzaa Maposeni wakati wa kuvuna mahindi, na jinsi nilivyoletewa kiatu chake kimoja. Wanawake wakalia. Kisha kilio kikabadilika, kikawa cha pumzi za puani, nikakijua: ni cha hasira. Mwanangu mkubwa alishaweka kikombe chini.

Nikasema, "Mimi pikipiki naziogopa, mnanijua. Siku moja napelekwa nyumbani, nimefumba macho, nimembana dereva mbavu mpaka akaniuliza, bibi, umekuja kupanda au kupigana mieleka? Akasimama kupisha mbuzi. Mimi nikajua tumefika. Nikashuka, nikamshukuru, nikaanza kubisha hodi kwenye nyumba ya watu."

Kicheko kilitoka kwanza kwa kina mama, kikaenda hadi kwa waendesha bodaboda, wakanyanyua vichwa. Hata mwanangu mkubwa kicheko kilimponyoka. Sikuongeza neno. Niliacha kicheko kitoke chote, na kilipoanza kuisha ndipo niliposema.

"Niligoma kupanda tena. Dereva akazima pikipiki, akaisukuma kando yangu mpaka hapa. Ni yule pale. Binti yangu ndiye aliyemchagua anibebe, kwa sababu alimwamini. Naomba leo afike kwao salama."

Mwanangu aliokota kikombe chake, akaondoka kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba, mdogo wake akamfuata. Jirani na mama yake waliaga mapema, wakatoka. Nilisimama nikawaangalia mpaka wakaingia kwao.

Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Watu walipocheka, niligeuka kutazama kule jikoni. Mzaha wangu wowote binti yangu ndiye alikuwa wa kwanza kuupokea, anacheka huku anapiga makofi mapajani. Pale pakawa kimya. Tangu siku hiyo nikichekesha watu, kimya hicho kinatangulia, kinasimama mahali pake, kisha ndipo wengine wanacheka.

Kesho yake mama wa jirani alikuja. Alinikuta napukuchua mahindi, akakaa, akachukua hindi. Tulipukuchua kwa muda.

"Dada," akasema, "umemsamehe?"

"Nimesema asiguswe. Hilo nimeliweza."

Hakuondoka. Akasogeza ungo karibu yangu, tukaendelea.