Birika Lililojazwa Kupita Mstari

Namuar aliuza vyombo vya umeme Kakuma, na hakuna birika lililotoka dukani kwake bila kuchemshwa kwanza mbele ya mnunuzi. Alisema ni uaminifu wa biashara. Tangu mkewe afe, wanunuzi wake walikunywa chai nyingi kuliko walivyokusudia.

Inès, mshonaji kutoka Burundi, alikunywa vikombe vitatu, akalipa, akaondoka na birika lake. Akawa anarudi kila Alhamisi kumsalimu. Birika lilipofika mwezi wa pili, mpini ukang'oka na maji ya moto yakamuunguza mkono wa kushonea.

Aliwashtaki wote wawili, kiwanda na Namuar. Wakili wa Namuar alimkataza kuongea na Inès hadi kesi iishe. Alhamisi thelathini na moja zikapita. Namuar alizihesabu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuhesabu.

Mahakamani fundi alieleza kuwa ndani ya mpini kulikuwa na skrubu moja badala ya mbili, na bila kuubomoa usingeona. Wakili wa kiwanda akasema Namuar alibadilisha plagi. Hakimu akauliza plagi inashikaje mpini. Wakili akaketi.

Wakili wa Namuar naye akadai mteja wake hakuujua ubovu, na mnunuzi alilikagua birika mwenyewe. Hakimu akasema muuzaji huwajibika kwa mnunuzi hata kama hakujua, na ukaguzi humfunga mnunuzi kwa zile kasoro tu ambazo angeweza kuziona.

Ikabaki hoja moja: Inès alikiri kujaza maji kupita mstari wa kikomo. Wakili wa kiwanda akasimama, ametulia kama mtu aliyekwisha kula.

"Mzee, ulimwonya asizidishe?"

Wakili wa Namuar alimtazama kwa macho ya kuomba. Neno "ndiyo" lingempunguzia Inès fidia na kumwondolea Namuar lawama.

"Hapana. Nilijaza mimi mwenyewe, akiona. Mpaka juu."

"Kwa nini?"

"Likijaa, linachelewa kuchemka."

Karani akaliandika hilo pia.

Hakimu aliamua kuwa Inès alifanya alivyoonyeshwa, kwa hiyo hakatwi chochote. Kiwanda kilipaswa kutarajia watu kuzidisha maji, na skrubu ilikosekana kwao. Kiwanda na Namuar wote wanawajibika kwa Inès. Baina yao, kiwanda kibebe sehemu nne kati ya tano, Namuar moja.

Barazani Inès alisimama mbele yake, mkono kovu tupu.

"Baba Namuar, ungesema uliniambia. Nani angebisha?"

"Wewe, Mama Sonia."

Alitikisa kichwa. "Mimi nisingebisha. Nilidhani umeshachoka na mimi."

Alimwambia anahamia Kalobeyei kwa bintiye Sonia, kwa maana cherehani haimtii tena. Boda boda ilikuwa inamngoja. Namuar akamsaidia kupanda, akamshikia mfuko mpaka alipokaa vizuri, akampa.

Kisha akasimama pale, mikono haina kitu, vumbi likitua.