Siku Tano Hadi Saba

Majirani walimwita Mama Vipimo, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na minne alikuwa fundi cherehani, na miaka yote hiyo aliwaambia watu "njoo kesho" mpaka akachoka kujisikia mwenyewe. Siku alipofunga cherehani na kufungua duka la mtandaoni, alimwambia mumewe kuwa uongo wa tarehe ameuacha kwenye mkebe wa pini. Mumewe, fundi friji, mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye, akasema haya, tutaona.

Duka lilikuwa meza moja chumbani, kompyuta ya mtumba, simu, na karatasi nyeupe aliyoibandika ukutani kwa ajili ya picha. Bidhaa hakuwa nazo. Mteja akiagiza kwake, yeye anaagiza kwa msambazaji, na msambazaji anamtumia mteja moja kwa moja. Kilichobaki mikononi mwake ni maneno na picha, na hapo alikuwa hana masihara. Chukua kile kigoda cha kuogea. Msambazaji aliandika, kwa lugha iliyopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri, "Kiti furaha mzee kuoga bila teleza maisha." Pichani kulikuwa na bibi anayetabasamu, ameegemea kiegemeo ambacho kwenye boksi hakimo.

Mama Vipimo aliagiza sampuli. Alikipima, akakikalia, akakigeuza chini juu na kukuta kibandiko kinasema kilo mia moja, ilhali tangazo la msambazaji linasema mia na hamsini. Akaandika mia moja. Akaandika kimo chake, upana wake, na kwamba hakina kiegemeo. Akakipiga picha bafuni kwake, rula pembeni, ndoo yake iliyopasuka mdomo ikionekana nyuma. Msambazaji alikuwa na akiba kwenye ghala la humu humu nchini, kwa hiyo chini kabisa akaandika: "Kinakufikia kwa siku tano hadi saba." Na kweli kilikuwa kinafika. Watu walikipenda kile kigoda kuliko kitu chochote dukani mwake.

Jumanne moja, akinywa chai, aliona kwenye ukurasa wa msambazaji kimstari kipya. Ghala la ndani: sifuri. Kinatumwa kutoka ghala la ng'ambo. Kuandaa mzigo siku tatu hadi tano, safari siku kumi na tano hadi ishirini na tano, forodha kando. Pale pale alijua anachotakiwa kufanya. Ni kufungua tangazo, kufuta mstari mmoja, na kuandika wiki tatu hadi tano. Dakika mbili hazifiki.

"Ukiandika wiki tano nani atanunua?" mumewe alimuuliza, bisibisi mdomoni. "Wenzako wote wanaandika siku saba."

"Wenzangu siyo mimi."

"Basi badilisha, Mama Vipimo. Mimi nimesema tu."

Hakubadilisha. Alijiambia msambazaji ataleta akiba nyingine wiki ijayo, na mstari utarudi kuwa kweli wenyewe, bila mtu kuugusa. Usidhani alikuwa amesahau. Kila alipofungua tangazo, macho yake yaliruka mstari ule kama anavyoruka mtu dimbwi mlangoni kwake.

Jumamosi ikaingia meseji kutoka kwa karani wa shule moja upande wa pili wa mji.

"Shikamoo dada. Baba yangu alipooza upande mmoja. Wanamruhusu hospitali Jumamosi ijayo, na hawezi kusimama bafuni. Nikiagiza leo kitawahi?"

Mtu alikuwa amemuuliza waziwazi. Akaandika: "Marahaba. Muda wa kufika umeandikwa kwenye tangazo, dada."

Karani akashukuru, akaagiza. Mama Vipimo akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Uongo mtupu angeweza kuuita kwa jina lake. Hili jibu lilikuwa limevaa nguo za ukweli, na alilishona mwenyewe.

Siku nne hakula vizuri. Alifuatilia mzigo asubuhi na jioni. Alhamisi bado uliandikwa "lebo imetengenezwa", maana yake hata mlangoni mwa ghala haujatoka. Ijumaa asubuhi alifuta ile oda kwa msambazaji, akaingia mjini, akazunguka maduka ya vifaa vya wagonjwa mpaka akapata kigoda cha kampuni nyingine, kizuri kuliko kile, chenye kiegemeo. Alilipa bila kuomba kupunguziwa. Jumamosi saa nne alikuwa mlangoni kwa karani na boksi begani.

"Mzigo wako," alisema. Hakusema yeye ni nani.

Ndani, mzee, aliyeruhusiwa hospitali asubuhi ile ile, alikuwa kitandani karibu na dirisha, mkono mmoja umelala juu ya shuka. Karani alifungua boksi pale pale na kukipeleka bafuni. Akarudi macho yamelowa.

"Baba, kimekuja. Na kina kiegemeo, wala hawakusema."

Mzee akamtazama mgeni. Maneno yake yalitoka kwa shida, upande mmoja wa mdomo. "Mungu awabariki... mwambie bosi wako."

"Nitamwambia, mzee wangu," alisema Mama Vipimo, na akatamani sakafu impokee.

Njiani alipumua kidogo. Alidhani ameshatubu. Mzee ataoga amekaa, basi yameisha. Lakini alipofika nyumbani na kufungua duka, alikuta karani ameshaandika chini ya tangazo, nyota tano zote: "Niliagiza kwa wasiwasi kwa sababu ya baba. Waliahidi siku saba, kimefika siku ya saba. Hawa wanasema kweli. Agizeni bila hofu."

Chini yake oda tatu mpya zilikuwa zimeingia. Ukijumlisha na nyingine tangu Jumanne ile, watu kumi na mmoja walikuwa wakihesabu siku kwa mstari wake, na sasa mstari una shahidi. Walikaa miji ambayo hakuwahi kuikanyaga. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumfikia na boksi begani.

Alibadilisha tangazo kwanza. "Kinatoka ghala la ng'ambo. Tegemea wiki tatu hadi tano, na forodha inaweza kuongeza." Kisha akawaandikia wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, akawapa tarehe ya kweli, akawaambia kwamba anayetaka kufuta atarudishiwa hela yake yote. Kufikia jioni saba walikuwa wamefuta. Mmoja alimtukana, na hakumjibu.

Mwisho akamwandikia karani. Alimweleza kila kitu: kwamba kigoda alikinunua mjini, kwamba aliyekileta ni yeye mwenyewe, kwamba siku ile alipomuuliza alijua hakitawahi. Akamwomba afute sifa zile.

Jibu lilichelewa. Mumewe aliingia, akamkuta ameketi, akaona uso wake, na safari hii hakucheka. Akavuta kiti, akakaa naye.

Simu ikalia. Karani ameandika: "Sifa nimefuta. Baba ameoga, kwa hilo asante. Ila nijibu kitu kimoja dada. Kama tungekuwa tunakaa mbali, ungeniambia lini?"

Mama Vipimo aliandika, "Sijui." Akakaangalia hako kaneno, akakafuta, kwa sababu alijua.

"Nisingekuambia," akaandika, akatuma.