Jinsi nilivyomfuta mkunga wa Likoni kwenye bajeti ya kanjo nikidhani ni fanicha

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Leo nimeamka na nguvu za vidole, nikasema niwape hiki kisa kabla sijazikwa nacho. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, na chumvi sitatia kwa sababu daktari amenikataza.

Vijana hapa mnalalamika kwamba bajeti za siku hizi ni copy-paste. Mnasema kana kwamba mmegundua nyinyi. Sisi tulikuwa tunanakili kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na kama umekosea unaanza ukurasa upya.

Hii ilikuwa mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru. Nilikuwa karani mdogo ofisi ya fedha ya baraza la mji, yaani kanjo, nakaa Shika Adabu upande wa Likoni, navuka feri kila asubuhi kwenda mjini kisiwani na shati jeupe ambalo mke wangu Zuhura alilipiga pasi kwa makaa huku akinikumbusha kwamba mshahara wangu haufanani na shati.

Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza. Likumbukeni hilo.

Sasa niwaeleze makadirio, yaani bajeti, yalivyokuwa yanatengenezwa, msije mkadhani kulikuwa na akili nyingi.

Unapewa karatasi pana yenye safu. Ya kwanza, jina la kifungu. Ya pili, kilichotumika mwaka uliopita. Ya tatu, kilichoidhinishwa mwaka huu. Ya nne iko tupu, ndiyo ya mwaka ujao, na hiyo ndiyo kazi yako.

Kazi yenyewe: unachukua safu ya tatu, unaihamishia ya nne. Basi. Mahali pengine unaongeza kidogo ili uonekane umefikiri. Ukiulizwa, unasema bei zimepanda, na hakuna aliyewahi kubisha.

Kila idara ilikuwa na sehemu mbili. Kuna matumizi ya kawaida, yanayorudi kila mwaka, kama mishahara na dawa. Halafu kuna matumizi ya mara moja: kujenga choo, kununua trekta, vitu ambavyo ukishafanya umemaliza.

Jumla ya yote ukitoa mapato mengine, kinachobaki ndicho wenye viwanja wanachotozwa. Kwa hiyo jumla kuu ikipanda hata kidogo, kodi ya viwanja inapanda, na madiwani wanakosa usingizi.

Mwaka huo tuliletewa mhasibu mkuu mpya, Mzungu mwembamba asiyekunywa chai. Akatoa amri: kitu chochote cha mara moja kilichojitokeza zaidi ya miaka miwili mfululizo kifutwe, kwa kuwa hakiwezi kuwa cha mara moja.

Amri nzuri kabisa, hata leo naitetea.

Nikapita na kalamu nyekundu. Nikafika Afya, nikakuta: "Chumba cha wazazi Likoni, pamoja na mkunga, kitanda, godoro na taa." Nikafunua vitabu vya nyuma: kifungu kile kile, mwaka wa tano sasa. Yaani kwa mujibu wa vitabu vyetu, baraza lilikuwa limejenga chumba kimoja cha wazazi mara tano.

Nilicheka peke yangu. Nikakikata kwa mstari.

Na safu ya pili ilinidanganya vizuri, kwa sababu ilionyesha pesa zimetumika karibu zote kila mwaka. Nikajua kuna mjanja anakula hapo. Nikajiona mpelelezi.

Mhasibu akanipongeza mbele ya watu. Karani mkuu wetu, Bwana Fernandes, Mgoa mzee wa nidhamu, alikuwa akipangusa pua. Alikuwa na mafua wiki ile, anapiga chafya tu. Mwenyekiti wa kamati ya fedha aliposikia kuna pesa zimepatikana, hakuziacha zipoe. Akataka ziingizwe kwenye viti vipya vya ngozi kwa ukumbi wa madiwani. Serikali ya wananchi inakuja, akasema, wananchi hawawezi kutawaliwa kutoka kwenye viti vya mbao.

Jumamosi mchapaji akakata stensili za kurudufia kitabu cha makadirio. Jumatatu mchana kamati inakaa.

Jumapili nikampeleka Zuhura kwa mkunga, Bi Mishi. Alikuwa mama mtu mzima wa pale pale Likoni, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikuombea dua. Nusu ya watoto wa upande ule walipokewa na mikono yake.

Mimi sikuwahi kuingia ndani ya chumba chake. Wanaume tulikuwa tunabaki nje. Siku hiyo mvua ilinyesha, akanionea huruma, akaniita nisimame mlangoni.

Wakuu, nikatazama juu.

Kwenye boriti zilikuwa zimetundikwa karabai tano. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Na pembeni magodoro, yamepangwa moja juu ya jingine mpaka usawa wa kifua changu.

"Shikamoo Bi Mishi."

"Marahaba mwanangu. Mbona wakodoa macho?"

"Hizi taa zote za nini?"

"Waniuliza mie? Si nyinyi wa baraza mwaniletea? Kila mwaka karabai moja na godoro moja. Mwaka wa kwanza n'kafurahi. Wa pili n'kasema labda wamesahau. Sasa nazo kazi yao ni maulidi. Mtaa mzima huja kuazima kwangu."

Zuhura akacheka pale kitandani. Mimi sikucheka.

"Na kitanda?"

"Walikuja nacho chengine, kikakataa kupita mlangoni. Wakarudi nacho. Mungu ana rehema."

Hapo nikaanza kupiga hesabu. Kumbe hapakuwa na mwizi. Stoo walikuwa wanaona kifungu kina taa na godoro, wanaleta taa na godoro, watiifu kabisa. Sasa kama taa ilitoka kwenye kifungu kile, na godoro likatoka humo humo...

"Bi Mishi, mshahara wako huwa wapokea wapi?"

"Kwenu huko, mwisho wa mwezi. Kwani hutaki n'lipwe?"

Nilijua jibu kabla sijatoka mlangoni. Yule mama alikuwa kwenye vitabu vyetu baina ya chumba na kitanda. Alikuwa fanicha. Na mimi nilikuwa nimemfuta kwa wino mwekundu nikapewa pongezi.

Mwaka wa fedha ulianza Januari. Zuhura alitarajiwa mwezi wa tatu. Bila kifungu, vocha ya mshahara haipiti, na bila mshahara chumba kinafungwa. Mwanamke wa Likoni akishikwa na uchungu usiku ambapo feri haivuki, atazalia gatini akitazama taa za hospitali ng'ambo kisiwani.

Nyumbani Zuhura aliniuliza kwa nini sili. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi kesho ukirudi na yeye amefutwa, utanizalisha wewe." Na akala samaki wangu.

Jumatatu nilipanda feri ya kwanza. Fernandes alikuwepo tayari, huwa anafika kabla ya mfagiaji. Nikamweleza, nikitarajia anifukuze.

Akavua miwani, akaipangusa.

"Mimi ndiye niliyemuweka hapo," akasema.

Kumbe ilikuwa hivi. Chumba kilipokubaliwa mara ya kwanza, mwaka ulikuwa umeshafika katikati. Nafasi mpya ya kazi huwezi kuibuni tu, lazima iwe kwenye orodha ya watumishi, na orodha hiyo hupelekwa serikalini pamoja na makadirio, mara moja kwa mwaka. Akina mama hawangeweza kusubiri. Fernandes akamficha mkunga ndani ya gharama za chumba, aanze kazi, akikusudia kumhamishia kwenye mishahara mwaka unaofuata.

"Mwaka uliofuata tukanakili," akasema. "Na uliofuata." Akapiga chafya. "Nilitakiwa nione ulipofuta. Sikuutazama ukurasa."

Sikuwahi kumpenda yule mzee kama nilivyompenda dakika ile.

Tatizo likabaki moja. Ukimwongeza mkunga kwenye mishahara, jumla kuu inapanda, kodi ya viwanja inabadilika, na kitabu kizima kinachapwa upya. Muda huo hatukuwa nao. Na kamati ikishapitisha bila yeye, orodha inakwenda serikalini bila yeye, tuonane mwaka kesho.

Fernandes akachukua penseli. Viti vya ngozi vilikuwa vimewekewa pesa zile zile za chumba. Ukiviondoa, mshahara wa mkunga unaingia na chenji inabaki. Chenji ile akaiweka kwenye dawa za Likoni, ili jumla kuu isisogee hata senti. Kwa hiyo kurasa zilizobadilika zikawa nne tu: Afya, ukumbi, orodha ya watumishi, na muhtasari wa mbele.

Mchapaji alitutukana kwa Kimijikenda, lakini alikata stensili upya. Mimi nilizungusha mashine mpaka mkono ukafa ganzi. Wino ulikuwa bado haujakauka kamati ilipoingia.

Mhasibu Mzungu aliuliza swali moja tu: hii nafasi mpya, mwaka ujao pesa itatoka wapi? Fernandes akajibu kwamba si mpya, imelipwa miaka mitano, ila ilikuwa imekaa mahali pabaya. Mzungu akakagua safu ya pili, akatikisa kichwa kukubali.

Mwenyekiti akafunua ukurasa wa ukumbi. Akafunua tena. "Viti vyangu viko wapi?"

Fernandes akasema kwa upole, "Mheshimiwa, kuna mama Likoni amevikalia."

Kamati ilicheka, na mtu akishachekwa hawezi kudai viti. Ikapita.

Mwezi wa tatu, Zuhura alishikwa na uchungu, nikamfikisha kwa Bi Mishi. Nilisimama nje, safari hii hakukuwa na mvua ya kunionea huruma. Nikasikia mtoto analia. Nami nikalia, siwafichi, mtu mzima na shati langu jeupe.

Bi Mishi akatoka na mtoto wa kike amefungwa leso. Hakujua lolote kuhusu kalamu nyekundu, na mimi sikuwa mjinga wa kumwambia. Akanipa mwanangu, kisha akanikunjia uso.

"Mwanangu, nikuulize. Mwaka huu karabai haikuja. N'mewakosea nini huko baraza?"

Wakuu, makadirio ya mwaka uliofuata niliyaandika mimi. Afya, Likoni, matumizi ya mara moja: taa moja.

Nilichojifunza ni kidogo. Kunakili si dhambi, sote twanakili. Lakini kabla hujafuta mstari wa mtu, vuka feri ukautazame.

Yule binti sasa ni bibi, na anasoma humu, kwa hiyo mkimtaja mtajeni kwa adabu. Haya, na nyinyi mnaofanya kazi maofisini, semeni: nani yuko kwenye vitabu vyenu kama fanicha? Na kama kuna mjukuu wa yule mwenyekiti humu, aje, tuzungumze habari ya viti.