Joto la Ziada Ukurasa wa Tatu

Jumatatu asubuhi, wiki ya pili ya Agosti 1967, Mwalimu Egau aliingia katika ofisi ya chuo bila kubisha, akaweka karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono juu ya meza ya mpiga taipu, akasema, "Nakala thelathini. Alhamisi saa nane mkaguzi anakuja kunisikiliza."

Mpiga taipu, Abbo, aliinuka nusu, kama ilivyotakiwa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alipanga chumba karibu na stesheni ya Tororo, na kila mwezi alimpelekea mama yake, kijijini Kisoko, sukari na mafuta ya taa. Alipiga maneno sitini kwa dakika, na kwa hesabu, ambazo mashine haikuwa na alama zake, alichora kila alama kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia nakala, kwa kalamu ya chuma, polepole, asije akapasua nta. Wenzake walimwona mkimya. Hakuwa mkimya. Alikuwa akingoja, na alikuwa amengoja miaka sita.

Alisubiri Egau atoke, akafunga mlango, akasoma.

Somo lilikuwa mtiririko wa joto katika fimbo ndefu isiyo na mwisho. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi. Ulitoa mlinganyo wenyewe, kwamba joto la mahali popote hubadilika kwa kadiri mchoro wake ulivyopinda hapo: penye kilele hushuka, penye bonde hupanda. Ukurasa wa pili ulileta mageuzo ya Fourier, yanayochukua umbo lolote la joto na kulivunja kuwa mawimbi. Baada ya hapo mlinganyo mgumu unakuwa mwepesi, kwa sababu kila wimbi hufifia peke yake bila kuwauliza wenzake. Mawimbi membamba hufa upesi, mapana hukawia. Hapo napo Egau hakukosea.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa kurudi, kuyakusanya mawimbi yaliyofifia ili kupata joto lenyewe. Abbo aliupitia kwa ncha ya penseli, mstari kwa mstari, na katika mstari wa tano penseli ikasimama.

Egau hakuwa amegawa kwa mbili pai.

Abbo alijua kosa lile lilivyozaliwa. Chuo kilikuwa na vitabu viwili vya mageuzo. Kimoja kiliweka mgawanyo wa mbili pai wakati wa kwenda, kingine wakati wa kurudi. Vyote viwili ni sahihi, mradi mtu asivichanganye. Egau alikwenda kwa kitabu cha pili na kurudi kwa kitabu cha kwanza, na mbili pai ikapotelea njiani. Ilikuwa imepotea vilevile mwaka 1961.

Mwaka huo Abbo alikuwa mwanamke pekee kati ya wanafunzi kumi na mmoja wa hesabu za juu. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili ili afike pale. Katika mtihani wa mwisho lilitoka swali la fimbo, alama ishirini. Abbo aliandika jibu lake: kengele ya joto, inayoanza nyembamba na ndefu halafu inatanuka na kushuka, na mbele yake moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha nne pai k t, k ikiwa wepesi wa fimbo kupitisha joto na t muda. Egau alilipiga mstari mwekundu, akampa sifuri. Abbo alipokata rufaa, Egau aliandika kwa mkuu wa chuo kwamba binti huyo amenakili jibu la mahali pengine asiloweza kulieleza. Darasani alisema kwa sauti, "Hizi pai umeweka kama shanga? Za kupamba?" Wanaume kumi walicheka. Abbo alikosa alama tisa za kufaulu. Chuo kilimhurumia, kikampa taipureta.

Sasa alikuwa na karatasi mkononi. Angeweza kuongeza alama tatu tu kwenye stensili, na Alhamisi mambo yangekwenda vizuri. Egau angepata cheo alichokuwa akikitafuta, cha kusimamia hesabu katika shule zote za wilaya, na asingejua aliyemwokoa. Wazo hilo lilimtembelea Abbo kwa muda wa kumeza mate. Kisha akaingiza stensili katika mashine.

Lakini alitaka kazi iwe safi. Mwaka uliotangulia Egau alilalamika kwamba mpiga taipu anaharibu maandishi yake, na kwa ombi lake mwenyewe ikawekwa kanuni: mwalimu asome stensili ikiwa tayari, atie sahihi kwenye maandishi yake ya mkono, ndipo ichapwe. Jumanne Abbo alimfuata kwenye chumba cha walimu, na stensili na maandishi mkononi.

"Mwalimu, samahani. Ukurasa wa tatu, huu mstari wa tano. Niuache kama ulivyoandika?"

Egau alikuwa anakunywa chai. Hakuutazama mstari. "Kwani umeanza kufundisha, Miss Abbo?"

"Hapana, Mwalimu. Nauliza tu."

"Kama nilivyoandika. Usiongeze hata nukta. Kazi yako ni vidole."

"Basi tia sahihi hapa."

Akatia, sahihi kubwa yenye mkia, na tarehe. Abbo alirudi ofisini, akachapa nakala thelathini, akazihesabu mara mbili. Maandishi ya mkono akayatia katika jalada.

Alhamisi saa nane darasa lilikuwa limejaa walimu ishirini na wawili wa sekondari waliokuja kwa kozi ya likizo. Mkaguzi, Bwana Ogwang, mtu mfupi wa miwani aliyefika kwa gari moshi la asubuhi kutoka Kampala, aliketi nyuma. Abbo aligawa karatasi, akaambiwa abaki karibu na mlango, huenda zikapungua.

Egau alifundisha vizuri. Hilo halina budi kusemwa. Alichora mstari mrefu ubaoni, akasema, "Fimbo hii haina mwisho."

Ofwono, mwalimu kutoka Nagongera aliyependa kuchekesha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nauliza. Hii chuma ambayo haina mwisho, nani alinunua?"

Watu wakacheka.

"Ofwono, ukisimama kwenye reli pale kwenu Nagongera, unaona ncha yake?"

"Sioni."

"Na ukiwasha kiberiti chini yake, joto litafika Mombasa lini?"

"Kiberiti yangu haina nguvu hiyo, Mwalimu."

"Ndiyo maana tunasema haina mwisho. Ncha iko mbali mno, haiwezi kuliathiri joto lako."

Akaendelea. Aliweka kipimo kimoja cha joto katikati ya fimbo kwa wakati sifuri. Akalivunja kuwa mawimbi, akayafifisha, akayakusanya. Ubaoni ikatokea kengele. Alionyesha kwamba muda ukizidi mara nne, upana wa kengele huwa maradufu na kimo chake hubaki nusu. Kwa hiyo joto halitembei kama mtu anayekwenda sokoni kwa mwendo mmoja, bali kadiri linavyokwenda mbali ndivyo linavyozidi kuchelewa. Walimu waliandika kwa haraka. Abbo, mlangoni, aliutazama mkono wa Bwana Ogwang ukifunua ukurasa wa tatu, ukashuka na mistari, ukasimama.

"Mwalimu Egau," alisema mkaguzi kwa upole, "ulianza na joto kiasi gani?"

"Kipimo kimoja, Bwana."

"Na fimbo imefunikwa vizuri ubavuni? Hakuna linalotoka wala kuingia?"

"Hakuna."

"Basi tujumlishie joto lote lililo chini ya kengele yako. Hapo ubaoni, tafadhali."

Egau alichukua chaki. Alijua namna ya kujumlisha kengele, na aliijumlisha sawasawa. Pai ikakutana na pai, k t ikafutana na k t, na mwisho wa mstari likabaki jibu: mbili pai. Alilitazama. Akarudia kutoka juu. Mbili pai.

"Hiyo ni zaidi ya sita," alisema Bwana Ogwang.

"Eee!" Ofwono alipiga meza. "Umeweka moja, umetoa sita! Mwalimu, hii fimbo tupeleke kwa kiwanda ya saruji, waache kununua mafuta!"

Darasa zima lilicheka. Abbo hakucheka. Alikuwa akisikiliza kicheko kama mtu anayepima kitambaa, aone kama kinatosha.

Shingo ya Egau ilikuwa imelowa. Akageuka, macho yake yakamkuta Abbo mlangoni. "Ni huyu mpiga taipu," alisema. "Ameruka alama. Si mara ya kwanza. Nililalamika mwaka jana, mkuu wa chuo anajua."

Abbo alikuwa amelitumaini hilo, ila hakuthubutu kulitegemea. Alifungua jalada alilokuwa amelikumbatia tangu saa nane, akapita katikati ya madawati, akaweka karatasi nne mbele ya mkaguzi. Mstari wa tano. Sahihi. Tarehe.

Bwana Ogwang alilinganisha karatasi na nakala. "Mpiga taipu hakuruka kitu," alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa ameona kidole cha Abbo kikiwa juu ya mstari wenyewe, akauliza, "Dada, unajua kinachokosekana?"

"Najua."

"Kiandike."

Abbo alikwenda ubaoni. Egau hakusogea, ikabidi amzunguke. Aliandika mgawanyo wa mbili pai mbele ya intigrali, ile alama ya kujumlisha, akashuka nao hatua kwa hatua hadi kwenye moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha nne pai k t. Akajumlisha joto lote chini ya kengele, likatoka moja. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Alirudi kwenye mawimbi, akaonyesha kwamba wimbi lenye masafa sifuri halififii kabisa, na wimbi hilo ndilo jumla ya joto. Mtu aliyelitazama mapema asingepotea.

Akaweka chaki chini, akalielekea darasa. "Jibu hili niliandika katika chumba hiki mwaka 1961. Mwalimu Egau alinipa sifuri. Aliniuliza kama pai ni shanga."

Safari hii hakuna aliyecheka, hata Ofwono.

Cheo cha wilaya alipewa mtu wa Soroti. Bwana Ogwang aliandikia chuo kwamba Abbo aruhusiwe kufanya mtihani upya Desemba, lakini kanuni zilitaka mwalimu aliyemfelisha aandike sababu na kutia sahihi. Mkuu wa chuo akamtuma Egau ofisini na fomu.

Abbo hakumpa kiti. Egau aliandika akiwa ameinama juu ya meza: *Kulitokea tofauti ya usahihishaji.*

Abbo alisoma, akairudisha. "Hapana, Mwalimu. Andika nani alikosea."

Akaandika.

"Na jibu lenyewe. Lote. Kwa mkono wako."

Egau aliandika kengele yote, na mgawanyo wake, akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kwenye pai. Alipomaliza hakuondoka. "Ulijua tangu Jumatatu," alisema. "Ukaniuliza nikiwa na chai. Kwa nini hukuniambia waziwazi?"

"Ningekuambia, ungesahihisha."

Alikagua sahihi, akaigonga fomu muhuri wa chuo, na kwa kuwa Egau alikuwa bado amesimama pale, akamwomba aufunge mlango akitoka.