Uzi Mweupe Chini ya Majani

Kila alfajiri, kabla moshi haujapanda juu ya paa lolote, Sellah alitoka kibandani kwake na kikapu kimoja kitupu, akavuka kijia, akaingia msituni. Chini ya mti alipiga magoti, akasukuma mkono ndani ya majani yaliyooza mpaka kiganja chote kikapotea, akautoa na konzi moja, akainusa. Kisha alijaza kikapu akarudi. Kikapu kimoja tu, na kesho yake mti mwingine.

Ayuma alimwona kila siku, kwa sababu mashamba yao yalipakana. Kwa miaka miwili alimwona bila kuwaza lolote. Mwaka wa tatu ndipo alipoanza kuogopa kumwona.

Walikuja hapo mwaka wa sitini na nne. Mteremko ule ulikuwa umetolewa kwa watu viwanja viwanja: ufyeke msitu, ulime mahindi yako kati ya miche ya miti ya mbao, uipalilie miche hiyo, na ikishakua uondoke. Barasa, mume wa Ayuma, alimwachia kaka yake shamba la Iguhu, lile lililokuwa likitiwa samadi tangu enzi za babu yao, akala na pesa aliyolipwa kwa kuliachia. Hakuwa na wasiwasi. "Tazama ule mti," alimwambia Ayuma siku ya kwanza, akiuonyesha kwa panga. "Watu watano hawaukumbatii ukaisha. Unafikiri umekula nini hapa? Udongo huu umenona kama maini."

Wakafyeka, wakachoma. Moshi ulikaa mteremkoni wiki mbili. Ayuma alifagia kiwanja chake mpaka lisibaki jani hata moja, kwa maana shamba chafu ni aibu ya mwanamke. Mavuno ya kwanza, mahindi yalikuwa manene kama mkono wa mtu mzima, na kila nyumba ilipika obusuma, ugali mzito, mpaka watoto wakachoka kula. Mavuno ya pili yakawa nusu. Mwaka wa tatu mahindi yalifika magotini, yakasimama. Kingo za majani zikageuka zambarau, na majani ya chini yakawa manjano kuanzia nchani, kama karatasi iliyoachwa juani. Hata miche ya miti ilidumaa.

Ila kwa Sellah. Kwake yalikuwa ya kijani kibichi.

Watu wakaanza kusema. Sellah hana mume, hana mtoto, hachomi kitu, shamba lake limejaa takataka, na kila kabla ya jua anaingianga msituni kuongea na ardhi. Amepiga magoti! Amenusa! Erastus, jirani wa upande wa chini, ndiye aliyelitamka neno lenyewe kwanza, wakiwa kisimani. "Mulosi. Mchawi," alisema, akatema mate. "Anavuta nguvu ya mashamba yetu, anaipeleka kwake."

Ayuma alijitwisha ndoo kwa haraka. Maji yakamwagika miguuni, na wanawake wakadhani ni uzito wa ndoo. Hawakujua alichokifanya. Mwezi mmoja kabla, akiona mahindi yake yanakufa, alikuwa ameingia msituni kwa siri, akachukua vikapu viwili vya majani kama alivyomwona Sellah akifanya, akavimwaga kwenye kona ya shamba nyuma ya kisiki. Sasa kona ile ilikuwa ya kijani. Hatua sita kwa nne, si zaidi. Kila siku aliipita bila kuigeuzia macho, asije mtu akafuata anakotazama.

Jumamosi asubuhi alisikia kelele.

Alipofika, wanaume tisa walikuwa katikati ya shamba la Sellah, Barasa mbele na jembe mkononi. Alikuwa amefukua takataka kati ya mistari ya mahindi. Akainua tonge la majani meusi juu, watu wote waone.

"Uzi!" alipiga kelele. "Si niliwaambia? Ameishona ardhi!"

Na kweli, majani yalikuwa yamefungwa pamoja kwa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele, zilizotawanyika kama vidole. Erastus alirudi nyuma. "Ni uzi wa sanda," alisema. "Amefukua makaburi. Si mumewe alikuwa mchimba makaburi?"

Hilo lilikuwa kweli, nalo likawa baya kuliko yote. Marehemu Patroba alichimba makaburi na vyoo kuanzia Iguhu hadi Shieywe, na mkewe ndiye aliyevuta ndoo ya udongo kutoka juu.

Sellah alikuwa amekaa chini mbele ya kibanda, magoti pamoja, mikono juu ya kichwa. Hakulia. Mtu mmoja tayari alikuwa ameshika kijinga cha moto kutoka jikoni kwa Sellah mwenyewe, anakipuliza.

Hezekiah, askari wa msitu, alikuwa amefika kuhesabu miche. Alisimama kando na kaptula yake ya kaki, amekumbatia daftari kifuani. "Jamani," alisema, "msichome karibu na msitu." Mtu akacheka. "Haya mambo ya uchawi si ya kazi yangu," aliongeza kwa sauti ndogo, akatazama viatu vyake.

"Mfungeni," alisema Barasa.

Ayuma aliwaza mtoto wake, Jescah, aliyeachwa amelala. Aliwaza ile kona nyuma ya kisiki. Wakimchoma mama huyu leo, kesho watatembea shamba kwa shamba wakitafuta kijani kingine, na mtu wa kwanza kukiona atakuwa mume wake. Kunyamaza hakutamwokoa. Alimtazama Sellah, na macho ya mzee yalikuwa yanamtazama yeye, hayaombi kitu.

"Baba Jescah," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Hata mimi ninao huo uzi."

Kijinga kilitoa cheche.

"Unasema nini?"

"Nyuma ya kisiki chetu. Nilichukua majani msituni. Fukua, utauona."

Barasa alimkazia macho kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Erastus alicheka kwa hofu: "Kumbe ulioa mwanafunzi wake, bwana!" Mtu akamshika Ayuma mkono, na kucha zake zikazama.

"Ngojeni!" Ayuma sasa alikuwa analia. "Njooni msituni. Hatua kumi tu. Mkikosa huo uzi huko, mtufunge wote wawili."

Labda ni kwa sababu hatua kumi si mbali. Walikwenda, wakiwasukuma wanawake wawili mbele, na Hezekiah nyuma. Chini ya mti wa kwanza Ayuma alianguka magotini, akapangua majani makavu ya juu. Chini yake majani yalikuwa yamelowa na meusi, na chini ya hayo, uzi. Mweupe, mwingi, umepita jani hadi jani, umeingia kwenye vijizizi vyembamba vilivyopanda juu kutoka ardhini na kushikana kama mkeka. Akahamia mti wa pili. Uzi. Wa tatu, uzi. Akawa anapangua kwa mikono miwili kama mtu aliyepoteza pete.

"Basi nani aliyeuloga msitu wote huu?" aliuliza. "Na mbona umenona?"

Hezekiah alikohoa. "Ni ukungu," alisema, kwa haya ya mtu aliyekumbuka kazi yake kwa kuchelewa. "Uko kila mahali. Kama ule wa mkate uliokaa."

Sellah ndipo akasema kwa mara ya kwanza. "Barasa, mwanangu. Unalo jembe. Chimba."

"Nichimbe nini?"

"Hapo uliposimama. Unatafuta unono. Uchimbe tuuone."

Barasa alichimba, kwa hasira kwanza. Pigo la kwanza lilikata ule mkeka wa mizizi, likatoa udongo mweusi. La pili, mweusi bado. La nne, jembe lilitoa udongo mwekundu. Akachimba mpaka magotini: mwekundu. Mizizi mikubwa ilikuwa imetambaa pembeni, karibu yote juu juu; chini ilionekana michache tu. Alipima ule weusi kwa kiganja. Haukupita shibiri moja.

"Nimevuta ndoo miaka ishirini," alisema Sellah. "Mashimo ya futi ishirini. Kwenye mteremko huu ni mwekundu hivyo hivyo mpaka kamba inaisha. Chakula hakiko chini. Kiko juu, kimesimama, ni ile miti yenyewe. Jani likianguka, uzi huu unalila, mizizi inanyang'anya kabla mvua haijafika, linarudi juu kuwa jani. Msitu unajila wenyewe, hauachi kitu. Ninyi mlichoma ghala lote siku moja."

"Lakini mwaka wa kwanza..." alianza Erastus.

"Mwaka wa kwanza mlikula majivu. Mvua ya huku inanyesha kila jioni, na hapakuwa na mzizi wa kuyashika. Mengine yameteremka mtoni, mengine yamezama kusikofikika, na kile kidogo kilichobaki huu mwekundu umekibana, haukiachii."

Aliyeshika kijinga alikitumbukiza kwenye majani mabichi, kikafuka moshi, kikazima. Hakuna aliyeomba msamaha. Waliondoka mmoja mmoja, na Erastus alipita mbali na Sellah, kama ambaye bado hajaamini. Barasa alibaki ndani ya shimo, udongo mwekundu hadi kwenye magoti, akitazama upande wa Iguhu. Ayuma alijua anachokiona: shamba la babu yake, na kaka yake akivuna ndani yake.

"Basi tuchukue majani," alisema Barasa ghafla, akitoka shimoni. "Sisi sote. Kwa mikokoteni!"

"Mkichota kwa mikokoteni," alisema Sellah, "hata huu uliobaki utakufa njaa. Mimi nina kashamba ka mtu mmoja. Ndiyo maana kikapu ni kimoja, na mti ni mwingine kila siku."

Barasa alikwenda zake, akiburuta jembe.

Wanawake wawili walibaki wakirudishia udongo shimoni, mwekundu kwanza, mweusi juu, kisha majani. Sellah alikuwa anatetemeka sasa, meno yakigongana, naye Ayuma akavua kanga yake akamfunika mabegani. Mahali kucha zilipozama mkononi mwa Ayuma palikuwa pameanza kuvimba. Kutoka pale walipopiga magoti, kati ya mashina, mteremko wote ulionekana: manjano, na kati ya mistari, wekundu mtupu uliosafishwa kwa ufagio wake mwenyewe.

"Kukhu," alisema Ayuma, kama mjukuu kwa bibi yake, "udongo wetu utarudi lini?"

Sellah alinusa mkono wake, akaupangusa kwenye sketi.

"Miti ikirudi. Jescah atakuwa mzee kama mimi."