Simu Ilisema Mhogo ni Mzima

Ijumaa ile, mwanzoni mwa mvua, nilipanda kwenye vilima vya Mwese kukagua shamba la mhogo la mama mmoja mjane. Mimi ni afisa ugani wa kata. Majirani zake walikuwa wamepanga kuja Jumamosi kukata pingili za mbegu shambani kwake, maana mhogo wake ulisifika kwa kuzaa. Kabla mbegu haijasambaa, ilinipasa niseme kama ni salama.

Kazi hiyo naifanya kwa simu. Ndani yake kuna programu ndogo inayotambua magonjwa kwa picha ya jani, na haihitaji mtandao. Huko mlimani huwa nazima mtandao kabisa, kwa sababu simu ikihangaika kutafuta mnara inamaliza chaji. Unapiga picha, sekunde mbili tu, inakujibu: batobato, michirizi ya kahawia, utitiri au mzima, na asilimia pembeni.

Wingu lilikuwa limeshaning'inia, na kijana wa bodaboda aliyenileta alikuwa akipiga honi barabarani. Nikapiga picha majani ya juu, yaliyokuwa usawa wa macho yangu na yenye mwanga mzuri. Mimea sita. Yote ikaja mzima, asilimia tisini na kitu.

"Kwa hiyo wakate tu?" mama akauliza.

"Wakate tu, mama."

Mvua ilitukuta njiani. Nilipofika chumbani kwangu karibu na ofisi ya kata, nikakaa kitandani kupitia zile picha ili niandike taarifa. Katika picha ya nne, pembeni chini, lilionekana jani lililokomaa la mmea wa nyuma. Lilikuwa na umanjano uliofuata mishipa.

Programu ile hukata sehemu ya katikati ya picha na kuipunguza kabla ya kuitazama, kwa hiyo jani la pembeni haikuliona kabisa. Nikaikata picha mwenyewe, nikabakiza lile jani tu, nikaipa programu tena. Michirizi ya kahawia, asilimia sitini na moja. Sitini na moja si uhakika, tena picha yenyewe ilikuwa na ukungu. Lakini mafunzoni tulielezwa wazi kwamba ugonjwa huu hujionyesha majani ya chini, yaliyokomaa, na ya juu yanaweza kuwa safi kabisa. Simu ilijibu sawasawa kuhusu majani niliyoionyesha. Aliyechagua majani ni mimi.

Nikampigia mama. Hapatikani. Kwake mtandao haufiki.

Asubuhi kijana wa bodaboda aliitazama barabara, akatikisa kichwa. "Dada, ule mteremko leo tutalala chini." Nikatembea. Tope lilinivua viatu mara mbili, na kila nilipokutana na mtu amejitwika mzigo nilimkodolea macho nione kama ni pingili.

Nilipofika, wanawake watatu walikuwa wanakata. Mafungu yalikuwa yamepangwa chini.

"Acheni kwanza," nikasema, nikihema. "Tung'oe mizizi tuone."

Mama akanitazama. "Jana simu yako ilisema mzima."

"Nilipiga majani ya juu. Nilikosea, mama yangu."

Akachukua jembe, akafukua mwenyewe. Mzizi wa kwanza tukaukata kwa panga vipande vipande: mweupe. Wa pili mweupe. Mmoja wa wanawake akaanza kufunga fungu lake. Wa tatu, panga lilipopita, ndani kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu kama gome. Wa nne vilevile.

Mama akakaa juu ya tuta. "Sasa nyie mnataka nifanyeje?"

Nikamwambia mizizi mizuri avune ale, mashina yachomwe, asibakize hata moja la mbegu. Nilisema nikitazama chini.

Ndipo mwanamke mmoja akasema kwamba shemeji yake alichukua fungu moja alfajiri, ng'ambo ya kijito. Mama akainuka kabla yangu. Tukamkuta yule bwana ameshapanda mistari minne.

"Jana ndiyo, leo hapana. Kesho mtasema nini?" akafoka.

Mama akampa kipande cha mzizi kilichooza, akasema naye Kibende kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini. Yule bwana akakigeuzageuza mkononi, kisha akainama, akang'oa pingili ya kwanza. Tukamsaidia.

Mbegu safi kutoka wilayani ilichelewa, na msimu ule mama alipanda mahindi pale. Alinikaribisha kama kawaida, ila hakuniuliza tena kuhusu shamba mpaka mvua zilipokatika. Mimi sasa napiga jani la chini kwanza, na mzizi naukata hata simu ikisema mzima. Lakini yule bwana alikuwa na fungu zima, na mistari ilikuwa minne tu. Alisema pingili zilizobaki aliwapa mbuzi wake. Mbuzi niliwaona, pingili sikuziona.