Nakala Thelathini na Nane

Hospitali nzima ilimwita Bi Tunza, na wala hawakumsingizia. Mwanamke huyo alikuwa hatupi kitu. Nyumbani kwake kulikuwa na droo nzima ya chaja ambazo simu zake zilishakufa, na pasi iliyoungua ikiwa bado ndani ya boksi lake pamoja na karatasi ya maelekezo. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye mdomo, alipenda kuwaambia wageni kwamba hata yeye bado yumo humo ndani kwa sababu hiyo hiyo. Mkewe alikuwa hakanushi.

Tabia hiyo alitoka nayo kazini. Alianza akiwa karani wa masjala, na mwaka wake wa pili bosi wake wa wakati huo aliamuru mafaili ya zamani yachomwe ili chumba kipate nafasi. Aliyachoma. Wiki mbili baadaye alikuja mama mmoja kutafuta majibu ya kipimo cha mwanawe, akaketi kwenye kiti mbele ya dirisha la masjala kutwa nzima, kisha akaondoka mikono mitupu. Bi Tunza alijiapiza kimoyomoyo kwamba hilo halitamtokea tena. Kompyuta zilipoletwa hospitalini na kila mtu akazikwepa, alijitolea yeye, akapelekwa kozi ya miezi mitatu, akarudi na cheo kirefu na ufunguo wa chumba cha seva, kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka zamani, na bado kilinuka sabuni.

Kwa miaka tisa aliitunza seva hiyo kama mboni ya jicho. Saa nane za usiku, yeye akiwa amelala, programu ndogo ilinakili hifadhidata yote ya wagonjwa na kuiweka kwenye faili lenye tarehe ya siku hiyo. Asubuhi alifungua orodha, akatafuta faili la tarehe ile, akaliona, akatia tiki kwenye daftari lake la jalada jekundu. Nakala hizo hakuwahi kufuta hata moja. Zilikuwa elfu tatu na mia mbili na ushei, na alijivunia idadi hiyo kama wenzake wanavyojivunia wajukuu.

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wakuu wa idara, Daktari Mkuu alieleza kwamba kuna kampuni imeomba kuchukua kazi ya seva. Huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache, na aliyasema bila kumwangalia mtu usoni. Bi Tunza, ambaye vikaoni huwa hafungui kinywa, alisimama.

"Miaka tisa, kila usiku nakala ipo," alisema. "Sijapoteza mgonjwa hata mmoja."

Jambo likaahirishwa kwa mwezi mmoja. Alibakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu, na alitaka astaafu akiwa na ufunguo wa chumba kile mfukoni. Hakuwa na tamaa nyingine.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, mkuu wa maabara aligonga mlango. Walianza kazi mwaka mmoja, wakazoea kutaniana, lakini siku hiyo hakuja na utani.

"Dada, mashine yako imegoma. Tunaingiza majibu, inasema haiwezi kuhifadhi. Nina watu arobaini kwenye mabenchi."

"Andikeni kwenye karatasi kwanza. Msirudie rudie kubonyeza."

Alikaa, akaiuliza seva hali ya diski. Seva hiyo ilikuwa na diski mbili, mfano wa nyumba yenye vyumba viwili: kimoja cha hifadhidata na logi, kingine cha nakala tu. Chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa asilimia mia moja. Haikubaki nafasi ya kuandika hata jina la mgonjwa mmoja.

Alipopima folda moja baada ya nyingine, mwizi alijulikana mara moja. Logi, lile daftari ambalo programu ya maabara hujiandikia kila inachokifanya, ilikuwa faili moja la gigabaiti mia na hamsini. Wiki saba nyuma alikuja fundi kuunganisha mashine mpya ya kupima damu, na ili aone kasoro zilipo aliiambia programu iandike kila kitu, hadi kila pumzi. Alipomaliza aliaga vizuri, akasahau kuirudisha ilivyokuwa. Bi Tunza naye hakuuliza. Tangu siku hiyo programu ilikuwa ikibwabwaja kutwa kucha, na faili lilikuwa halina ukomo.

Alilitazama faili lile kwa muda. Kidole hakikutaka kubonyeza, ingawa mule hamkuwa na mgonjwa, mlikuwa na porojo za mashine tu. Alinakili mistari elfu chache ya mwisho kwenye diski ya mkononi, akapiga moyo konde, akalifuta.

Nafasi haikurudi. Asilimia mia moja, vile vile.

Mkuu wa maabara, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alikohoa kidogo. "Umefuta kweli? Au mkono wa birika umekuzuia?"

"Nimefuta. Programu bado imelishikilia. Jina limeondoka, lakini mpaka iliachie, diski inahesabu kwamba lipo."

Aliizima programu ya maabara, akaiwasha upya. Faili likaachiwa, na diski ikashuka hadi asilimia ishirini na mbili. Kabla ya saa nne majibu yalikuwa yanaingia, na wale arobaini wakaanza kupungua mabenchini. Akaiambia programu iandike mambo ya lazima tu. Kisha akaweka utaratibu ambao ulipaswa kuwepo tangu mwaka wa kwanza: kila siku logi ikunjwe na kufunguliwa mpya, ya zamani igandamizwe, zibaki kumi na nne, ya kumi na tano ijifute. Ikivimba kabla ya siku kwisha, ikunjwe vile vile, na kila ikikunjwa programu iarifiwe, isije ikaendelea kuandika kwenye daftari lililokwisha fungwa.

"Mungu akubariki, dada," alisema mkuu wa maabara, akaenda zake.

Mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa ameshashika ufagio, akaona afagie na chumba cha pili.

Huko nako kulikuwa asilimia mia moja. Akaiagiza orodha ya nakala, safari hii pamoja na ukubwa wake, jambo ambalo asubuhi zote alikuwa halifanyi. Juu zilikuja za karibuni. Ya leo: sifuri. Ya jana: sifuri. Ya juzi: sifuri. Alihesabu kwa kidole juu ya kioo mpaka alipofika kwenye faili lenye kitu ndani. Sifuri zilikuwa thelathini na nane.

Alielewa papo hapo, maana haikuwa hesabu ngumu. Siku thelathini na nane zilizopita chumba kile kilijaa nakala zake za miaka tisa, zile zile alizokataa kuzifuta. Programu ya usiku ilifungua faili jipya, ikalipa jina na tarehe, ikakosa mahali pa kuandika, ikaandika "imekamilika" na kwenda kulala, kwa sababu hakuna aliyeifundisha kupima. Na yeye kila asubuhi aliona jina, akatia tiki. Diski ya hifadhidata ingekufa asubuhi hiyo, watu wa siku thelathini na nane wangetoweka na damu zao na majibu yao. Alimfikiria yule mama wa kwenye kiti, na aliona haya kweli kweli, haya ya mtu mzima, peke yake katika chumba kinachonuka sabuni.

Hata hivyo mikono ilijua kazi. Alichomeka diski ya nje, akapiga nakala mpya, akaipeleka kwenye kompyuta ya masjala na kuifungua huko yote, mpaka akaona majina ya wagonjwa wa asubuhi ile. Ndipo alipokubali kwamba nakala ipo. Sasa angeweza kufuta za zamani. Kila nakala ilibeba wagonjwa wote wa zile zilizoitangulia. Kuziweka elfu tatu ilikuwa kama kuweka mashuka elfu tatu ya kitanda kimoja. Aliandika kanuni: zibaki kumi na nne za kila siku, nane za kila wiki, kumi na mbili za kila mwezi, na moja kwa kila mwaka uliopita. Nakala ya kila usiku ipimwe ukubwa, kisha ipelekwe pia kwenye mashine ya jengo la pili. Diski ikifika asilimia themanini, ujumbe uende kwenye simu mbili, si moja.

Ilibaki amri ya kufuta. Zile thelathini na nane zilikuwa taka halali. Kanuni yenyewe ingezizoa pamoja na nyingine, na hakuna binadamu angejua. Kikao kilikuwa keshokutwa. Bi Tunza asiyetupa kitu alikaa na amri hiyo mbele yake kwa dakika kumi hivi, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kutupa. Alitamani sana.

Akazihamishia zile thelathini na nane kwenye folda ya pembeni. Kisha akabonyeza, nyingine zikaenda.

Alhamisi alisimama tena kikaoni, akasoma kwenye karatasi kwa sababu hakuiamini sauti yake. Alisema kwamba alichowaambia mwezi uliopita hakikuwa kweli, na hata siku ile alipokisema hakikuwa kweli, ingawa hakujua. Akataja idadi. Mkuu wa maabara aliinamisha kichwa.

"Hakuna kilichopotea?" aliuliza Daktari Mkuu.

"Hakuna. Bahati tu."

"Ungenyamaza, ningejua vipi?"

"Usingejua."

Daktari Mkuu aliandika kitu, akakitazama alichoandika. "Nashukuru," alisema. Kisha akasema kazi ya seva itakwenda kwa kampuni kuanzia mwezi ujao, na Bi Tunza atarudi dirishani masjala. Hakumwonea. Bi Tunza mwenyewe angeamua hivyo, na alijua, na iliuma vile vile. Jioni mumewe alianza mzaha wake, akamwona uso, akaenda kumwekea chai.

Siku ya makabidhiano alikuja fundi wa kampuni, mwanamama wa makamo, mpole, mwenye miwani imening'inia shingoni. Alipitia kanuni za logi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipitia za nakala, akauliza nani aliziandika, akasema zimekaa vizuri, hatazigusa. Mwishoni alifungua ile folda ya pembeni.

"Hizi ni tupu, mama. Zote thelathini na nane, hakuna kitu ndani. Hazichukui nafasi, lakini nizifute?"

"Utaamua wewe."

Fundi alivaa miwani, akasogelea kioo. "Siku zote hizi mfululizo. Zilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu."

"Zote?"

"Zote," alisema Bi Tunza, akautoa ufunguo mfukoni na kumpa.